Shiti ya mtandaoni au faili la Excel: hesabu za timu ambayo neti yake haitabiriki

Ushirika wa maziwa wenye vituo vitatu vya kukusanyia huandika mambo yaleyale asubuhi na jioni: tarehe, zamu, namba ya mfugaji, lita alizoleta, na maelezo kama yapo. Kila nusu mwezi mhasibu aliyeko mjini hujumlisha, hukata deni la pumba na dawa, kisha hulipa. Ni kazi nyepesi kwa kompyuta, na ndiyo maana vyama vingi vimeacha leja na kuhamia kwenye kile ambacho vitabu vinakiita lahajedwali na watu wa ofisini wanakiita shiti. Kinachoanza ubishi ni swali la shiti ipi. Kijana wa hesabu anataka Google Sheets, moja kwa wote, ili mjini waone lita zikiingia. Karani wa kituo cha mlimani anataka faili lake la Excel kwenye laptopu, kwa sababu kule kwake neti huja ikitaka na huondoka bila kuaga.

Wote wawili wana sababu. Lakini ubishi wenyewe huenda pembeni, kwa kuwa watu hubishana juu ya neti: ipo, haipo, tununue bando kubwa zaidi, tuhamie laini ya kampuni nyingine. Kinachopoteza hesabu za watu mara nyingi hakitoki kwenye kukatika kwa neti peke yake. Kinatoka kwenye watu wawili kuandika mahali pamoja bila kuonana. Hilo linastahili kutazamwa kwa karibu, kwa sababu likishaeleweka, uamuzi wa shiti au faili unakuwa mwepesi.

Kwanza, Google Sheets inaweza kuandikwa bila neti. Wengi hawajui, na wanaojua huwa hawajui masharti yake. Kwenye kompyuta inataka kivinjari cha Chrome au Edge chenye kiongezi kiitwacho Google Docs Offline. Unatakiwa uwashe kitufe cha Offline katika mipangilio ukiwa bado una neti, halafu ulitie alama faili lenyewe kwa `Make available offline`. Ukisubiri neti ikatike ndipo uanze kutafuta kitufe, umechelewa: utaona maneno `Trying to connect` na vidole havitaandika kitu. Kwenye simu ya Android ni rahisi zaidi, unabonyeza nukta tatu kando ya jina la faili na kuchagua maneno hayohayo. Ukiwa umewasha vizuri, juu ya shiti pataandikwa `Saved to this device` badala ya `Saved to Drive`, na karani anaendelea kupokea maziwa kama kawaida.

Maneno hayo mawili karani ayajue kama anavyoijua laktomita yake. La kwanza linasema kazi yako imo ndani ya kifaa hiki tu, na hakuna mwingine duniani mwenye nakala yake. La pili linasema imefika. Kati ya moja na lingine zinaweza kupita dakika tano au siku tatu, na katika muda huo wote maandishi hayo yanaishi ndani ya kivinjari, kwenye kona ambayo mtu wa kawaida haioni. Akija fundi "kusafisha" laptopu, akafuta data za kivinjari ili iwe nyepesi, anaondoka na lita za siku tatu bila yeye wala karani kujua. Ndiyo sababu njia hii haiendi na kompyuta ya kukodi mjini wala laptopu ya kituo ambayo kila mtu anaingia kuangalia mpira.

Sasa tuiangalie asubuhi moja. Tuviite vituo vyetu Mlimani, Bondeni na Barabarani, na tuseme vyote vitatu vinaandika kwenye shiti moja, ukurasa mmoja, mistari ikifuatana kwenda chini. Jana jioni waliishia mstari wa 411. Alfajiri neti ya Mlimani na Bondeni haipo, ila makarani wote walishawasha hali ya nje ya mtandao, kwa hiyo hawana wasiwasi. Karani wa Mlimani anafungua shiti, anaona mstari wa kwanza ulio wazi ni wa 412, anaanza hapo. Anapokea wafugaji 60, anaishia mstari wa 471. Karani wa Bondeni naye anafungua, naye anaona wa kwanza ulio wazi ni 412. Anapokea wafugaji 45, anaishia 456. Hakuna aliyekosea. Kila mmoja ameandika pale ambapo macho yake yalimwonyesha pako wazi.

Saa nne asubuhi neti inarudi Mlimani. Mistari 60 inapanda na mjini wanaiona. Saa saba mchana inarudi Bondeni. Shiti ya mtandaoni hufanya kazi kisanduku kwa kisanduku: inachopokea kutoka Bondeni ni maagizo ya aina ya "katika kisanduku D412 weka 7, katika D413 weka 4". Haijui kwamba 7 hiyo ni ya mfugaji mwingine wa kijiji kingine. Inaweka. Kwa visanduku vinavyogombaniwa, linalofika mwisho ndilo linalobaki. Mistari 412 hadi 456 inageuka kuwa ya Bondeni, na ya Mlimani inabaki ile 15 ya chini, 457 hadi 471. Wafugaji 45 wa Mlimani wamefutika, na hakuna kengele iliyolia wala dirisha lililofunguka kuuliza. Ukikadiria lita sita kwa kila mmoja, hizo ni lita 270. Ikiwa lita inalipwa, tuseme, shilingi 1,000, basi 270,000 zimepotea asubuhi moja, na wenye fedha watajua siku ya malipo.

Lipo baya zaidi ya kufutika, nalo ni kuchanganyika. Katika safu ya maelezo, karani wa Mlimani aliandika "yamekataliwa, yameganda" mbele ya mfugaji wa mstari wa 430, kwa sababu maziwa yake yalishindwa kipimo cha alkoholi. Karani wa Bondeni hakuwa na la kueleza kwenye mstari wake wa 430, akaacha kisanduku wazi. Kisanduku ambacho hakikuguswa hakina agizo lolote la kupanda, kwa hiyo maelezo ya Mlimani yanabaki palepale, sasa yakiwa mbele ya jina la mama wa Bondeni ambaye maziwa yake yalikuwa mazima. Siku ya malipo mama huyo anakuja dirishani. "Mwanangu, mimi nilileta lita nane na nikazipima kwa macho yangu." Karani anamwonyesha skrini: imeandikwa yamekataliwa. Mstari ule unaonekana kamili, una namba, una lita, una sababu. Ni mstari wa uongo uliotungwa na vichwa viwili ambavyo havikukusudia.

Jambo hili hugundulika vipi? Shiti yenyewe haitakuambia, inabidi uwe na kitu cha kuilinganisha nacho, na katika maziwa kitu hicho kipo: tangi. Kila kituo kinajua lita zilizoingia kwenye tangi lake kwa zamu. Tangi la Mlimani likiwa limesoma lita 360 na shiti inatoa 90, huhitaji ukaguzi wa hesabu kujua kuna kilichotokea. Vilevile hesabu ya mistari: wafugaji 60 kwenye daftari, 15 kwenye shiti. Ulinganisho huu ufanyike siku ileile, kabla kumbukumbu za watu hazijapoa. Na hapa niseme wazi kwamba daftari la karatasi pale kituoni lisitupwe, hata kama mwenyekiti ametangaza kwamba ushirika sasa ni wa kidijitali.

Kurejesha kunawezekana. Shiti ya mtandaoni hutunza historia yake: ukienda `File`, `Version history`, `See version history`, utaona sura ya shiti ilivyokuwa saa nne baada ya Mlimani kupanda, na utaweza kuinakili ile mistari 45. Hili ni jambo ambalo faili la kawaida kwenye laptopu halikupi kirahisi, na ni haki kulitaja. Ila historia hiyo ina manufaa ikiwa kila karani anaingia kwa akaunti yake. Vikundi vingi hutengeneza akaunti moja ya chama na kugawana nywila. Hapo historia yote inasoma jina moja, na kumtafuta nani aliandika nini kunabaki kuwa kazi ya kuulizana kwa simu.

Dawa ya mgongano huu haihitaji neti nzuri zaidi. Inahitaji kwamba hakuna watu wawili wenye ruhusa ya kuandika mahali pamoja. Kwenye shiti ya mtandaoni, maana yake ni kila kituo kiwe na ukurasa wake ndani ya shiti ileile: mmoja uitwe Mlimani, wa pili Bondeni, wa tatu Barabarani, na kila ukurasa ufungwe kwa wengine kwa `Data`, `Protect sheets and ranges`. Mstari wa 412 wa Mlimani na mstari wa 412 wa Bondeni sasa ni vitu viwili visivyojuana. Neti ikatike siku mbili, irudi kwa yeyote kwanza, hakuna kitakachofunikwa. Mhasibu anatengeneza ukurasa wa nne wa kuunganisha, ambao hakuna anayeandika kitu humo isipokuwa fomula hii moja kwenye kisanduku A2:

```
=QUERY({Mlimani!A2:E; Bondeni!A2:E; Barabarani!A2:E}, "select * where Col1 is not null", 0)
```

Inachukua safu tano za kila kituo, inazipanga moja chini ya nyingine, na kuacha mistari mitupu. Kwa mtu wa hesabu ni furaha. Lakini fomula hii ina tabia moja ambayo imewatesa wengi: katika safu moja, inapokuta vitu vya aina mbili, namba na maandishi, inashika aina iliyo nyingi na kuzifanya nyingine kuwa tupu. Karani akiandika "8 lita" badala ya 8, hiyo si namba tena, ni maandishi. Kwenye ukurasa wake itaonekana vizuri kabisa. Kwenye ukurasa wa kuunganisha itakuwa nafasi tupu. Jicho linaweza kuigundua kwa kuwa namba hujipanga upande wa kulia wa kisanduku na maandishi kushoto, mradi mtu hajabadilisha mpangilio. Ukitaka uhakika, weka fomula hii juu ya ukurasa wa kila kituo, nje ya safu tano za data, tuseme kwenye G1:

```
=COUNTA(D2:D2000)-COUNT(D2:D2000)
```

Ya kwanza inahesabu visanduku vyote vilivyojazwa, ya pili inahesabu vyenye namba tu. Tofauti ikiwa sifuri, lita zote ni namba. Ikiwa 3, kuna visanduku vitatu vya kutafutwa. Kwa sababu hiyohiyo namba za wafugaji ni vizuri zianze na herufi ya kituo, M-014 au B-014, ili safu nzima iwe maandishi na isichanganyike.

Tarehe nazo zina mtego wa namna hiyo. Shiti iliyofunguliwa ikiwa na mipangilio ya Marekani husoma mwezi kwanza. Karani akiandika 3/4/2025 akimaanisha tarehe tatu Aprili, yenyewe inaandika tarehe nne Machi na kunyamaza. Akifika 13/4/2025 inashindwa, kwa kuwa hakuna mwezi wa kumi na tatu, na inaacha maandishi yakiegemea kushoto. Ukiona tarehe zimekaa kulia hadi siku ya kumi na mbili, kisha zikahamia kushoto kuanzia ya kumi na tatu, umeshajua ugonjwa. Nenda `File`, `Settings`, ubadilishe `Locale`, halafu uzirudie zile kumi na mbili za mwanzo, maana hizo ndizo zilizoharibika kimyakimya.

Kwa hiyo ukurasa kwa kila kituo unatosha? Unatosha pale ambapo neti hukatika na kurudi ndani ya siku ileile, na kila kituo kina kifaa chake kimoja kinachoandika. Nasisitiza kifaa kimoja. Karani akiandika asubuhi kwa laptopu isiyo na neti, na msaidizi wake jioni akaandika kwa simu isiyo na neti, mgongano uleule wa mstari wa 412 umerudi ndani ya kituo kimoja. Mwandishi anayehesabika hapa ni kifaa kuliko mtu.

Pale ambapo ukimya wa neti unapita siku moja na kuendelea, mimi niko upande wa karani wa mlimani. Faili la Excel, au la LibreOffice kwa asiyetaka kununua leseni, lina sifa moja ambayo haisemwi vya kutosha: linahitaji neti kwa sekunde chache tu, na haijalishi ni sekunde za saa ngapi. Chukua kituo cha wafugaji 60, zamu mbili kwa siku, siku 15. Hiyo ni mistari 1,800 ya safu tano. Faili lake ni dogo kuliko picha moja ya simu. Karani anaweza kulihamishia kwenye simu, akapanda nalo kilima hadi pale ambapo alama ya mtandao inatokea, akalituma kwa WhatsApp huku amesimama. Shiti ya mtandaoni inataka kifaa kilekile kilichoandikiwa ndicho kipate neti. Faili linaweza kupanda bodaboda ndani ya flashi.

Na neti kukatika kwa muda mrefu si habari ya vijijini peke yake. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoumia zaidi. Watu wa Dar es Salaam waliokuwa na kila kitu mtandaoni walikaa wakiangalia duara likizunguka. Mwaka uliofuata, kuanzia siku ya uchaguzi mkuu, 29 Oktoba 2025, intaneti ilizimwa nchini na ikachukua siku kadhaa kurudi. Ng'ombe siku hizo walikamuliwa kama kawaida.

Hata hivyo faili nalo lina namna yake ya kuharibika, na wengi wameionja. Faili linatoka kituoni, linafika mjini, mhasibu anasahihisha mambo mawili na kulirudisha. Wakati huo karani ameshaongeza zamu nyingine kwenye la kwake. Sasa kuna mafaili mawili, yote yanaitwa maziwa, kila moja lina kitu ambacho jingine halina. Wiki ya pili kuna `maziwa mpya.xlsx`, `maziwa mpya (1).xlsx` na `maziwa FINAL kabisa.xlsx`. Siku ya malipo watu wanakaa meza moja wakilinganisha mstari kwa mstari. Ukitazama, utaona ni kosa lilelile la mstari wa 412 limevaa nguo nyingine: watu wawili wameandika mahali pamoja bila kuonana. Tofauti ni kwamba hapa angalau mgongano unaonekana kwa macho, una mafaili mawili ya kushika mkononi, wala hakuna kilichofunikwa. Kati ya fujo inayoonekana na usafi wa uongo, mhasibu mwenye akili atachagua fujo.

Ila fujo nayo ina dawa, na ni kulifanya faili lisafiri upande mmoja. Karani wa kituo ndiye pekee anayeandika kwenye faili la kituo. Mjini wanasoma tu. Mhasibu akiona kosa hasahihishi yeye, anapiga simu, "Shikamoo mzee, naomba uangalie M-031 ya jana jioni, hapa naona lita 60." Mzee wa kituoni anafungua daftari, anaona ilikuwa 6.0 na nukta ikapotea, anasahihisha kwenye faili lake na kulituma tena. Inachosha kidogo. Lakini kuanzia hapo kuna faili moja la kweli kwa kila kituo, na kila mtu anajua liko wapi.

Jina la faili lianze na kituo, lifuate mwaka, mwezi na nusu ya mwezi: `mlimani-2025-06-a.xlsx` kwa tarehe 1 hadi 15 Juni, `mlimani-2025-06-b.xlsx` kwa zinazobaki. Na hapa pana uamuzi mdogo wenye faida kubwa: karani asitume lita za leo peke yake, atume faili zima la nusu mwezi kila anapopata neti. Akikosa neti Jumatatu, Jumanne na Jumatano, Alhamisi anatuma faili moja lenye siku zote nne ndani yake. Hakuna siku ya kufukuzia. Faili la karibuni daima linalimeza la nyuma, na kila nakala iliyotumwa inabaki kwenye simu ya mhasibu kama akiba endapo laptopu ya kituo itaibiwa au diski itakufa.

Mjini mhasibu anaweka mafaili matatu kwenye folda moja na kuyaunganisha kwa Excel yenyewe: `Data`, `Get Data`, `From File`, `From Folder`. Kazi hii hufanywa mara moja. Baada ya hapo, kila faili jipya likifika anaweka juu ya la zamani na kubonyeza `Refresh All`, jumla zinajirekebisha. Vichwa vya safu lazima viwe sawa herufi kwa herufi. Kituo kimoja kikiandika Lita na kingine Litre, safu hazitakutana. Na lile neno "juu ya la zamani" lichukuliwe kama lilivyo. Simu ikipokea faili lenye jina lililokwishatumika huongeza (1) mwishoni, mhasibu asipoangalia analitupia folda yote mawili, na Excel itayajumlisha yote mawili kwa utiifu. Lita za Mlimani zikiwa karibu mara mbili ya tangi, fungua folda kwanza kabla ya kumshuku karani.

Umeme nao usisahaulike. Excel iliyoko kwenye laptopu huhifadhi nakala ya dharura kila baada ya dakika kumi isipobadilishwa, na dakika kumi za foleni ya asubuhi ni wafugaji wengi. Muda huo unaweza kushushwa hadi dakika moja kwenye mipangilio ya `Save`, na `Ctrl+S` haina gharama. Katika hili shiti ya mtandaoni inashinda hata ikiwa nje ya mtandao, kwa kuwa inahifadhi kila unapotoka kwenye kisanduku.

Imebaki hali moja ambayo hakuna faili la kituo linaloweza kuitatua, na ni pale ambapo anayeandika anahitaji kuona alichoandika mwenzake kabla ya kuandika chake. Lita hazina tabia hiyo. Bondeni haihitaji kujua Mlimani wamepokea nini. Deni la pumba la mfugaji mmojammoja pia halina, mradi mfugaji ni wa kituo kimoja. Lakini ghala la pumba lenye mifuko 40 linalotumikia vituo vitatu linayo. Mlimani wakiahidi mifuko 25 na Bondeni wakaahidi 20, kila mmoja akiwa ameangalia shiti yake isiyo na neti inayosema imebaki 40, wameuza mifuko mitano isiyokuwepo. Hali ya nje ya mtandao hapa ni hatari kuliko kutokuwa na shiti kabisa, kwa sababu inaonyesha salio la jana kwa uso wa salio la leo. Kwa vitu vya aina hiyo ama uwe na neti ya kweli wakati wa kuandika, ama ugawe mapema, 15 Mlimani, 15 Bondeni, 10 Barabarani, na kila kituo kihesabu mgao wake, ama umpigie simu mtu wa ghala. Mara nyingi simu ya sauti hupita pale ambapo data haipiti, na mtu wa ghala hutoa jibu moja kwa wakati mmoja.

Kabla ya kuamua, chama kinaweza kujipima bila fundi. Kwa wiki mbili kila karani aandike pembeni mwa daftari, kila zamu, kama neti ilikuwepo alipoketi kuandika, na kama haikuwepo, ilirudi saa ngapi. Wakati huohuo ajaribu kwenye laptopu yake hasa, ile atakayoitumia: azime neti, afungue shiti, aandike mistari mitano ya majaribio, afunge kivinjari kabisa, azime kompyuta, aiwashe, afungue tena. Mistari ikiwepo, awashe neti na asubiri mpaka aone `Saved to Drive`, kisha mtu wa mjini athibitishe kwa simu kwamba ameiona. Laptopu nyingi hufeli jaribio hili mara ya kwanza kwa sababu ndogo, kama kivinjari kilichofunguliwa kwa dirisha la siri, ambalo halikubali hali ya nje ya mtandao kabisa. Kituo ambacho neti yake hurudi kabla ya zamu ya pili, na laptopu yake imefaulu, kipewe ukurasa wake kwenye shiti. Kituo kingine kiandike faili.

Si lazima vyote vitatu vifanane. Barabarani, ambako mnara wa simu unaonekana dirishani, wanaweza kuandika mtandaoni moja kwa moja, huku Mlimani wakituma faili na mhasibu akilibandika kwenye ukurasa wa Mlimani kila linapofika, akifuta lililokuwepo na kuweka jipya zima. Kwa njia hiyo wajumbe wa bodi wanaangalia shiti moja kwenye simu zao, kwa ruhusa ya `Viewer` peke yake. Ruhusa hiyo isilegezwe hata kwa mwenyekiti. Yeye ndiye husoma akiwa safarini, na kidole kimoja kwenye kisanduku cha lita kinatosha kubadilisha malipo ya mtu.